Kasi ya fremu haisubiri mwisho: dhana potofu kuhusu kupanga taimulaini

“Kasi ya fremu nitaibadilisha wakati wa kutoa faili.” Kauli hii nimeisikia kwa wahariri wa video za harusi mara nyingi mno, hata siku hizi mradi ukiletwa kwangu kwa kazi ya rangi ninafungua mipangilio yake kabla ya kutazama picha yoyote.

Ukweli ni kwamba anayetoa faili huchukua fremu kutoka kwenye taimulaini, yaani mstari ambao klipu hupangwa, hazichukui upya kutoka kwenye klipu za kamera. Tuseme kamera mbili za ukumbini zilirekodi saa kadhaa kwa fremu 25 kwa sekunde, zikiwa na pikseli 1920 kwa 1080, na droni ikarekodi dakika chache za nje kwa fremu 30 na pikseli 3840 kwa 2160. Mhariri anaanza kuingiza klipu ya droni kwa kuwa ndiyo itakayofungua filamu. Programu ya uhariri ya DaVinci Resolve inamwuliza kama mradi ufuate kasi ya klipu hiyo, naye anabonyeza “Change” bila kusoma. Kuanzia hapo, dakika chache za droni ndizo zinazotawala saa zote za ukumbini.

Kila fremu 5 za kamera sasa zinatakiwa kujaza nafasi 6, kwa hiyo fremu moja hurudiwa, na marudio hayo hutokea mara 5 katika kila sekunde. Watu wakiwa wamekaa kwenye viti huwezi kuyaona. Bibi harusi anapoingia na kamera ikamfuata taratibu, ndipo picha inapogugumia, na mhariri hulaumu kompyuta. Kuhakiki ni rahisi: simamisha video mahali kamera inapogeuka, kisha usogeze fremu moja moja kwa mshale wa kulia. Ukiona picha inasonga mara tano na mara ya sita inabaki palepale, na mpangilio huo unajirudia, basi kompyuta haina kosa.

Kutoa faili hiyo kwa fremu 25 hakutengui lolote kwa uhakika. Programu huacha fremu moja katika kila sita, lakini hakuna kinachoilazimisha iache ileile iliyorudiwa. Yaweza kuacha fremu halisi na kubakiza marudio, ukapata dosari mbili badala ya moja. Ukiwasha uchanganyaji wa fremu, marudio yanageuka ukungu pembezoni mwa mikono inayopiga makofi, jambo ambalo binafsi naliona baya zaidi.

Katika Resolve, kasi ya taimulaini hufungwa ikishakuwa na klipu. Njia iliyobaki ni kuunda taimulaini mpya, kuondoa alama kwenye “Use Project Settings”, kuweka 25, kuhamishia klipu humo, kisha kupitia kila mkato uliopangwa kufuata mdundo wa muziki. Hiyo ni kazi ya siku nzima kwa ajili ya swali lililohitaji kusomwa kwa sekunde chache.

Wapo pia wanaoamini kwamba taimulaini ya fremu 60 hulainisha mwendo. Hailainishi, kwa sababu fremu ambazo kamera haikuzirekodi hazipo. Klipu ya 25 itarudiwa tu, tena kwa hesabu isiyolingana, baadhi ya fremu mara mbili na nyingine mara tatu. Klipu ya fremu 50 uliyoirekodi kwa ajili ya mwendo wa polepole nayo haihitaji taimulaini ya 50: iweke kwenye taimulaini ya 25, punguza kasi hadi asilimia 50, na kila fremu itaonekana mara moja.

Kuhusu ukubwa wa picha sina ukali kama huo, kwani huo unaweza kubadilishwa hata baadaye. Hata hivyo, kuiweka harusi iliyorekodiwa kwa 1920 kwa 1080 kwenye taimulaini ya 3840 kwa 2160 hakuongezi undani wowote. Kila pikseli hutandazwa kwenye nafasi nne na kompyuta hubeba mzigo wa bure. Kinyume chake kina faida, maana klipu ya droni kwenye taimulaini ndogo inaweza kuvutwa karibu hadi maradufu bila kupoteza ukali. Kwa wanaotumia matoleo ya Premiere Pro yenye chaguo hizi mbili, chagueni “Set to Frame Size”, kwani “Scale to Frame Size” huipunguza picha kwanza, na nafasi hiyo ya kuvuta inapotea.

Mwisho, taimulaini ifuate klipu zilizo nyingi, lakini “nyingi” hazihesabiwi kwa idadi ya faili. Klipu arobaini za simu zenye sekunde kumi kila moja hazifiki hata dakika saba. Hesabu dakika zitakazobaki kwenye filamu, weka kasi na ukubwa unaolingana nazo mradi ukiwa bado mtupu, kisha ingiza klipu ya kamera kuu kabla ya nyingine zote.