Kidonge cha minyoo na kipato cha miaka 20 ijayo

Kila tunapotangaza siku ya kingatiba mashuleni, yaani siku ya watoto kumezeshwa dawa za minyoo na kichocho, simu ya ofisi huanza kuita siku mbili kabla. Safari hii imeita zaidi. Wazazi wa vijiji vya kando ya ziwa wanauliza kama dawa inafunga kizazi, kama imekwisha muda, na kwa nini watoto wa darasa moja hawapewi vidonge sawa. Mama mmoja alinisimamisha mwaloni, mikono yote imejaa magamba ya dagaa, akaniuliza jambo ambalo sikuwa nimejiandaa kulijibu: "Mwanangu haumwi, baba. Akienda kumeza hivyo vidonge, siku hiyo nani ananianikia?"

Mimi ni mchumi katika idara ya afya ya halmashauri, si daktari. Maswali ya dawa nitayajibu kama waganga wetu wanavyoelekeza. La huyu mama ni langu, nami nitaanza nalo.

Mwaka 1998 shirika moja lilianza kugawa dawa za minyoo katika shule 75 za msingi wilayani Busia, magharibi mwa Kenya, kando ya ziwa hili hili letu la Victoria. Kabla ya kuanza, kati ya wanafunzi waliopimwa, asilimia 92 walikuwa na angalau aina moja ya minyoo. Fedha hazikutosha kuanza na shule zote, hivyo ziligawanywa makundi matatu ya shule 25. La kwanza lilianza 1998, la pili 1999, la tatu 2001. Kuchelewa huko ndiko kulikowapa watafiti Edward Miguel na Michael Kremer mizani ya kulinganisha: watoto wa eneo lile lile, wenye maisha yale yale, wengine wakitangulia kupata dawa kwa miaka miwili au mitatu. Kremer baadaye alikuwa mmoja wa watatu walioshinda Tuzo ya Nobeli ya uchumi ya mwaka 2019.

Kilichoonekana kwanza ni mahudhurio. Utoro ulipungua kwa kiasi cha robo. Hilo halishangazi ukijua minyoo inafanya nini. Minyoo ya safura hunyonya damu taratibu, mtoto akapungukiwa damu bila kulazwa hata siku moja. Mayai ya kichocho hukwama kwenye ini au kibofu na kuacha makovu. Mtoto wa namna hii haonekani mgonjwa. Anaonekana mvivu. Anachoka mapema, anasinzia darasani, asubuhi nyingine anasema tumbo linauma na anaachwa nyumbani. Ndiyo maana "mwanangu haumwi" si jibu, na naomba wazazi wanielewe hapa, maana tumelisema kwa miaka: kutolala kitandani si kipimo cha kutokuwa na minyoo.

Kilichonifanya niandike lakini kilikuja baadaye sana. Wale watoto walifuatiliwa hadi utu uzima. Takriban miaka 20 baada ya kidonge cha kwanza, waliotangulia kupata dawa walikuwa wakipata kipato cha saa moja ya kazi kilicho juu kwa asilimia 13 kuliko wenzao waliochelewa, na matumizi ya kaya zao yalikuwa juu kwa asilimia 14. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2021. Hiki ndicho wachumi wanachokiita mtaji watu: nguvu, afya na maarifa yaliyo ndani ya mwili wa mtu, yanayoamua saa yake moja ya kazi italipwa kiasi gani.

Natakiwa kuweka tahadhari. Alama za mitihani za watoto wa Busia hazikupanda kwa sababu ya dawa. Kuwapo darasani ni jambo moja, kufundishwa vizuri ni jingine. Pia wapo watafiti wenzao waliozipitia upya takwimu hizo, wakakuta makosa kadhaa ya hesabu, na wanabishana kuhusu ukubwa wa faida, hasa mahali ambapo minyoo ni michache. Asilimia 13 isichukuliwe kama ahadi ya halmashauri kwa mtoto yeyote.

Sasa, kama faida ni kubwa hivyo na gharama ya kumtibu mtoto mmoja ni chini ya dola moja kwa mwaka, kwa nini wazazi wasilipe wenyewe? Busia walijaribu hilo pia. Mwaka 2001 wazazi wa baadhi ya shule waliombwa wachangie kiasi kidogo, wastani wa senti 30 za dola kwa mtoto. Katika shule ambazo dawa iliendelea kuwa bure, watoto watatu kati ya wanne walimeza. Palipokuwa na mchango, walibaki karibu mmoja kati ya watano. Elimu ya kunawa na kuvaa viatu nayo ilitolewa, na tabia haikubadilika kwa kiwango cha kuonekana. Nasema haya nikijua kwamba kutoa elimu ndiyo kazi yetu.

Turudi kwa mama wa mwaloni, tupige hesabu yake kwa makadirio. Tuseme siku ambayo mtoto haaniki dagaa inampunguzia mama shilingi 2,000, na uji wa asubuhi kabla ya dawa unagharimu 500. Kwa miaka mitatu ya kingatiba, asubuhi tatu tu, ni shilingi 7,500. Upande wa pili, tuseme mtoto huyo akikua atalipwa shilingi 8,000 kwa siku, na apate nyongeza ile ya Busia. Ni shilingi 1,040 kila siku ya kazi. Kwa siku 250 ni shilingi 260,000 kwa mwaka, mwaka hadi mwaka. Kwa mwenye mshahara wa benki hakuna la kufikiria.

Lakini mama huyu fedha yake haitoki benki. Akipungukiwa unga anaenda kwa wakopeshaji wa kausha damu. Tuseme riba ni asilimia 10 kwa mwezi, na riba inazaa riba. Ile 7,500, tukiichukua kwa pamoja ili kurahisisha hesabu, ikikopwa na kuachwa inafika zaidi ya shilingi 23,500 baada ya mwaka mmoja. Baada ya miaka mitano imepita milioni 2.2. Na nyongeza ya kipato cha mtoto bado iko miaka kumi mbele. Kwa bei anayonunulia fedha mama huyu, hata faida ya Busia haitoshi kulipa asubuhi tatu. Wanaosema maskini hawajui hesabu wanakosea. Hesabu yake ni sahihi kwa riba anayotozwa.

Mtu atauliza, kwa nini asikope kwa riba nafuu kwa ajili ya mtoto? Kwa sababu hakuna mkopeshaji anayeweza kukamata afya ya mtu. Ng'ombe hukamatwa, kiwanja huwekwa rehani, hata cherehani huchukuliwa. Damu iliyoongezeka mwilini mwa mtoto wa miaka tisa haichukuliki, na mtoto akikua anaweza kuhamia mjini na kipato chake. Tena sehemu ya faida inakwenda kwa jirani: Busia, hata watoto ambao hawakumeza dawa, lakini walisoma na waliomeza, walipungukiwa na minyoo, kwa kuwa mayai yaliyomwagwa ardhini na majini yalipungua. Hakuna mama anayekopa ili kumkinga mtoto wa jirani. Kwa sababu hizo mbili kingatiba hutolewa bure, na kwa sababu hizo hizo TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, umekuwa ukizipa kaya maskini ruzuku kwa sharti la watoto kuhudhuria shule na kliniki. Hatugawi bure kwa kuwa dawa ni duni.

Nije kwenye utaratibu. Dawa ni mbili. Ya minyoo ya tumbo ni albendazoli, kidonge kimoja cha miligramu 400, na mtoto anaweza kukitafuna. Ya kichocho ni prazikwanteli, vidonge vya miligramu 600, na idadi yake hutegemea urefu wa mtoto, si umri wala darasa. Mwalimu wa afya humsimamisha mtoto bila viatu, visigino vikigusa ukuta, kwenye kijiti chenye alama. Chini ya sentimita 94 hapewi. Kuanzia 94 hadi 109 ni kidonge kimoja. 110 hadi 124 kimoja na nusu. 125 hadi 137 viwili. 138 hadi 149 viwili na nusu. 150 hadi 159 vitatu. 160 hadi 177 vinne. Mtoto humeza mbele ya mwalimu, jina linawekwa alama kwenye rejista, na vidonge haviendi nyumbani. Aliye mgonjwa siku hiyo haruhusiwi kumeza, na mwenye historia ya kifafa apelekwe zahanati kwanza.

Mtoto lazima ale kabla. Hapa ndipo mambo huharibika. Prazikwanteli kwenye tumbo tupu huleta kizunguzungu, maumivu na kutapika, na mwenye minyoo mingi huumia zaidi minyoo inapokufa. Sasa nani hufika shuleni bila kula? Mtoto wa kaya maskini, ambaye pia ndiye mwenye minyoo mingi. Anatapika, taarifa inafika kijijini kwamba watoto wamepewa sumu. Mwaka 2008 mkoani Morogoro hali ya namna hiyo ilizua ghasia, wazazi wakavamia shule na umezaji dawa ukasimamishwa. Dawa hizi hazifungi kizazi. Hazijawahi. Mtoto akitapika, alazwe kivulini, apewe maji, na mwalimu apige simu zahanati. Kwa kawaida hali hupita ndani ya siku moja.

Kuhusu adhabu, kwa kuwa nayo inaulizwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 8, inamtaka mzazi kumpa mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu pamoja na chanjo, na elimu. Anayekiuka sehemu hiyo ya sheria anaweza, akitiwa hatiani, kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Shauri la kumnyima mtoto shule au matibabu hupokelewa kwa mtendaji au ofisa ustawi wa jamii, ambaye huzungumza na familia kwanza. Hatutumii kifungu hiki kumlazimisha mtu kumeza kidonge. Mzazi mwenye shaka afike kwa mwalimu mkuu kabla ya siku yenyewe, si siku ile ile getini.

Mama yule wa mwaloni hatimaye alimleta mwanawe. Tulikuwa tumekubaliana na kamati ya shule uji uchemshwe pale pale, saa mbili asubuhi, na umezaji uishe kabla ya saa nne ili wanaohitajika mwaloni wawahi. Mtoto ana miaka 12. Kijiti kilisoma sentimita 136, akapewa vidonge viwili. Wa jirani, mwenye miaka 11, akafika 141 na kupewa viwili na nusu. Mama akalalamika kwamba mwanawe amepunjwa. Nikamwonyesha alama kwenye kijiti, kisha nikamuuliza mama huyo mwanawe alikuwa akila nini alipokuwa mdogo, kabla ya kufikisha miaka miwili. Akanijibu bila kusita: uji wa mahindi na chumvi. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wetu wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Mama alikaa kimya, kisha akaniuliza kliniki ya mtoto wake mdogo ni lini. Ni Jumanne, na anatakiwa kuja na kadi.