Kuagiza kwa kiwango au kwa kalenda: piga hesabu kwanza

Malalamiko yanayotufikia kitengo cha ukaguzi wa bohari yana wimbo mmoja: tumeacha kuagiza kwa kalenda, sasa tunafuatilia salio kila siku, mbona gharama zinapanda? Si ajabu zikipanda.

Chukua bidhaa inayotoka wastani wa vipande 20 kwa siku, yenye mkengeuko sanifu wa 6, na mzigo wake hufika siku 4 baada ya oda. Anayefuatilia kila siku anahitaji akiba ya tahadhari ya kuvuka siku 4 hizo tu: 1.65 × 6 × √4, karibu vipande 20, ili asiishiwe katika mizunguko 95 kati ya 100. Salio likishuka hadi 100 (80 za kusubiria mzigo, 20 za tahadhari), anaagiza; huko ndiko kuagiza kwa kiwango.

Anayeagiza kwa kalenda, akihesabu kila baada ya siku 12, hana la kufanya hadi hesabu ijayo, na oda ya siku hiyo nayo itakaa njiani siku 4. Akiba yake lazima ivuke siku 16: 1.65 × 6 × √16, karibu 40. Wengi huweka 20 hapa pia, kisha humlaumu msambazaji. Kwa 20 hizo, wataishiwa takriban mzunguko mmoja kati ya mitano. Hili tumelieleza mara nyingi mno.

Kwa hiyo kalenda hulaza vipande 20 vya ziada stoo mwaka mzima. Faida yake iko kwenye oda. Bidhaa 10 za namna hiyo zikitoka kwa msambazaji mmoja, oda moja kila siku 12 huzibeba zote, kama oda 30 kwa mwaka. Kwa kiwango, kila moja hufikia alama yake kwa siku yake, na kwa ukubwa uleule wa oda zinakuwa 300. Kila bidhaa basi inaokolewa oda 27. Kuhifadhi vipande 20 kukiwa nafuu kuliko kuandaa oda 27, kalenda inashinda. Bidhaa ikiwa ghali, au ikiwa peke yake kwa msambazaji wake, kiwango kinashinda.

Ila kiwango kinadai nidhamu. Kwa utaratibu wetu, hati ya kutolea bidhaa husainiwa na mpokeaji, huingizwa kwenye leja kabla mzigo haujatoka mlangoni, na nakala hubaki kwenye jalada. Mtunza bohari anayelimbikiza hati huandikiwa barua ya kujieleza; akirudia, bohari yake hurudishwa kwenye kalenda.

Mkaguzi hagundui hilo kwa kubahatisha. Siku ya kuagiza leja inasoma 100, rafuni anahesabu 60. Hati zimechelewa siku mbili, na vipande 60 vinatakiwa kuvuka siku nne zinazohitaji 80.