Ukijaza mapengo ya data kwa wastani, mtawanyiko unaenda wapi?

Hapa kitengo cha takwimu huwa tunaletewa mafaili ambayo mapengo yote yameshajazwa, na kitu cha kwanza tunachouliza ni mlijaza na nini, maana hapo ndo variansi inapopoteaga.

Chukua watu 10 waliotakiwa kupimwa uzito, tumepata 6 tu: wanawake kilo 50, 54, 58 na wanaume 62, 66, 70. Wastani ni 60, mediani pia 60, variansi 56. Wanne waliobaki, wanawake wawili na wanaume wawili, tuwajaze wote mediani, 60. Wastani haujaguswa, kila mtu anafurahi, ila variansi imeshuka mpaka kama 31, kwa sababu umeongeza watu wanne ambao hawajatofautiana na katikati hata gramu moja, yani jumla ya miraba ya tofauti toka kwenye wastani imebaki ileile 280 lakini sasa unaigawa kwa 9 badala ya 5. Ukichora histogramu utaona mnara umesimama peke yake pale kwenye 60, hiyo ndo alama ya haraka.

Sasa wengi wanakimbilia wastani wa kundi:

```python
df["pengo"] = df["uzito"].isna()
m = df.groupby("jinsia")["uzito"].transform("mean")
df["uzito"] = df["uzito"].fillna(m)
```

Wanawake wanapata 54, wanaume 66, na variansi ya jumla inarudi kama 47. Si mbaya eti? Hapa ndo watu wanaingia mkenge. Angalia ndani ya kundi: variansi ya wanawake ilikuwa 16, sasa ni 8, na ya wanaume vilevile, nusu nzima imeyeyuka. Na bahati mbaya ukilinganisha wanawake na wanaume jaribio la t linatumia huo mtawanyiko wa ndani, kwa hiyo tofauti ya kilo 12 ambayo ilikuwa na t ya 3.7 ghafla inakuwa na 6.7, na hakuna mtu hata mmoja zaidi aliyepanda kwenye mizani! Kwa hiyo linganisha variansi ya kila kundi kabla na baada ya kujaza, ya jumla peke yake itakudanganya.

Mediani mi naipendea pale data ina watu wachache wenye namba kubwa mno zinazovuta wastani, ila nayo haiokoi variansi.

Kama unahitaji mtawanyiko ubaki, usimpe kila mwanamke 54 kavu, muongezee tofauti iliyookotwa kwa bahati nasibu toka kwa waliopimwa, yani -4, 0 au +4, halafu rudia zoezi zima mara nyingi, tuseme 20, uone majibu yanavyocheza toka faili moja hadi lingine, huko kucheza nako kunaingia kwenye hesabu ya mwisho. Lakini kama waliokosekana ni wale wazito waliokataa kupanda mizani, hata hii haitakusaidia, 54 yenyewe itakuwa iko chini. Ile safu ya `pengo` usiifute, tukipokea faili bila hiyo hatuwezi tena kujua 54 ipi ilipimwa na ipi ilijazwa.