Mfumuko wa bei usiotarajiwa: nani anapata, nani anapoteza

Mfumuko wa bei uliotarajiwa haumuumizi sana mkopeshaji, kwa sababu ameshauhesabu ndani ya riba. Kinachohamisha mali kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine ni tofauti kati ya mfumuko uliotarajiwa siku ya kusaini mkataba na ule uliotokea.

Chukua mkopo wa 100,000 wa mwaka mmoja kwa riba ya asilimia 8. Pande zote zilitarajia bei zipande kwa asilimia 5, hivyo mkopeshaji alijua atabaki na riba halisi ya karibu asilimia 3. Bei zikapanda kwa asilimia 12. Mkopaji analipa 108,000 kama walivyoandikiana, lakini ukizigawa kwa 1.12 unapata takriban 96,430 kwa thamani ya siku ya kukopa. Mkopeshaji amerudishiwa pungufu ya alichotoa, na alichokosa kimebaki kwa mkopaji.

Lakini si kila mwenye deni hufaidika, na hapa wengi hukosea. Kwanza, riba iwe haibadiliki. Ikiwa mkataba unaruhusu benki kuipandisha, nafuu hiyo hutoweka. Pili, kipato cha mkopaji kipande pamoja na bei. Mshahara ukiganda, rejesho linabaki lilelile huku matumizi ya nyumbani yakila sehemu kubwa zaidi ya kipato, na mkopaji anaweza kushindwa kulipa deni ambalo kwenye karatasi limekuwa jepesi.

Mwenye akiba naye ni mkopeshaji, kwani benki ndiyo anayoidai. Aliyefunga amana kwa miaka mitano huumia kuliko wa miezi mitatu, ambaye huweka upya kwa riba mpya ikiwa imepanda.

Mfanyakazi aliyekubali nyongeza ya asilimia 5 mwaka ule wa asilimia 12 amepoteza zaidi ya asilimia 6 ya uwezo wake wa kununua, na mwajiri ndiye aliyepata nafuu. Mwaka unaofuata mfumuko ukirudi asilimia 5, bei hazishuki. Zinapanda polepole tu. Kwa hiyo nyongeza nyingine ya asilimia 5 haifidii chochote. Kwenye majadiliano, adai kwanza pengo la mwaka uliopita, kisha matarajio ya mwaka ujao.

Mstaafu mwenye pensheni isiyobadilika hana meza ya majadiliano, na ndiye ninayemhofia zaidi. Kwa mfumuko wa asilimia 3, pensheni ya 100 baada ya miaka 10 hununua vya 74. Kwa asilimia 8, vya 46 tu. Hata pensheni inayorekebishwa kufuata bei isomwe kwa makini. Marekebisho yakifanywa mara moja kwa mwaka, mstaafu hubeba mwenyewe kupanda kwa bei kwa miezi ya katikati. Na kifungu kikisema ongezeko halitazidi asilimia 5, mwaka wa asilimia 12 atapoteza sawasawa na yule mfanyakazi.