Mtandao wa Bitcoin ukigawanyika, sarafu zako zinakuwaje?

Katika mikutano yetu ya elimu kwa umma hapa Mtwara mjini, wenye sarafu za kidijitali hutuonesha ujumbe wa WhatsApp unaowataka watume sarafu zao mahali fulani "zibadilishwe" kwa kuwa mtandao unagawanyika. Huo ni utapeli, na yaliyotokea Agosti 2017 yanaonesha kwa nini.

Mwezi huo Bitcoin ilipitia mabadiliko ya aina mbili. Tarehe 1, kundi lililotaka bloku kubwa zaidi, yaani mafungu ya miamala yanayoongezwa kwenye daftari la Bitcoin, lililegeza sheria za mtandao, ukomo wa bloku ukapanda kutoka megabaiti 1 hadi 8. Bloku yao ya kwanza, namba 478559, ililazimishwa kuzidi megabaiti 1 ili kompyuta zenye programu ya zamani ziikatae. Zikaikataa, na daftari moja la miamala likawa mawili: BTC, yaani Bitcoin ya awali, na BCH, yaani Bitcoin Cash. Hiyo ndiyo hadifoku.

Tarehe 24, kwenye bloku 481824, ikaanza SegWit, namna mpya ya kupanga data za miamala ndani ya bloku. Safari hii sheria zilikazwa. Kwa kuwa bloku iliyotii sheria mpya haikuvunja zile za zamani, hata kompyuta ambazo hazijasasishwa ziliipokea, na daftari likabaki moja. Hiyo ni sofutifoku. Mwenye sarafu hakupata sarafu ya pili wala hakupoteza kitu, na anwani yake inayoanza na 1 iliendelea kufanya kazi. Usumbufu ulikuwa kwamba baadhi ya pochi za zamani hazikuweza kutuma kwenye anwani mpya zinazoanza na bc1.

Sasa chukulia mkazi wa Masasi aliyekuwa na BTC 0.05 kabla ya tarehe 1. Kama maneno 12 ya siri ya pochi aliyashika mwenyewe, kesho yake alikuwa na BTC 0.05 ileile pamoja na BCH 0.05, bila kujisajili popote wala kutuma chochote. Kila sarafu ikawa na bei yake sokoni. Lakini kama sarafu zilikaa kwenye soko la mtandaoni, funguo zilikuwa za soko, na soko ndilo lililoamua. Soko la Coinbase, kwa mfano, mwanzoni ilisema haitaishughulikia BCH; wateja wake waliipata Desemba mwaka huohuo.

Hatari kubwa ipo kwenye kuichukua hiyo sarafu ya pili, kwa sababu lazima uingize maneno yako ya siri kwenye pochi nyingine, na pochi za kughushi huzuka haraka sana nyakati hizo. Fuata mpangilio huu: kwanza hamisha BTC zote kwenda pochi mpya yenye maneno mapya, subiri muamala uthibitishwe, ndipo uingize maneno ya zamani kwenye pochi ya BCH. Hapo hata pochi hiyo ikiwa ya matapeli, maneno watakayoyapata hayafungui tena BTC yako.