Nyongeza halisi ya mshahara ni ipi?

Nyongeza iliyoandikwa kwenye karatasi ni kitu kimoja, na nyongeza inayofika sokoni ni kitu kingine. Hiyo ya pili ndiyo huitwa nyongeza halisi: mshahara umepanda kuliko bei zilivyopanda, hivi kwamba mtu akienda dukani ananunua zaidi ya alivyokuwa akinunua, hata ikiwa ni kibaba kimoja cha unga. Mshahara ukipanda sawa na bei, hujaongezwa kitu, umerudishiwa chako tu. Ukipanda chini ya bei, umepunguzwa, ingawa hati ya malipo inaonyesha tarakimu kubwa.

Nilikuja kuielewa dhana hii vizuri katikati ya mwaka 2024, kwenye hoteli moja ya ufuoni hapa Malindi. Ulikuwa ule wakati wa kusi ambapo nusu ya vyumba vimefungwa na viti vya mkahawa vimepinduliwa juu ya meza. Mkataba wa pamoja wa miaka miwili ulikuwa umekwisha, nasi wajumbe wa tawi la chama cha wafanyakazi tulikaa upande mmoja wa meza ndefu, wakubwa upande wa pili. Kabla mwakilishi wetu hajafungua kinywa, tulishajua jibu la upande ule: mfumuko wa bei umeshuka hadi karibu asilimia 5, kwa hiyo asilimia 5 inatosha.

Mwakilishi wetu alikuwa amefanya kazi ya vyumba kwa miaka mingi, na hotuba yake haikufika dakika tano. Naiandika hapa kwa ufupi, kama ninavyoikumbuka.

"Bwana meneja, Bi mhasibu, wenzangu, hamjambo. Sikuja kuwaambia kwamba maisha ni magumu, hilo mwalijua. Nimekuja na hati mbili za malipo za mtu mmoja wa vyumba, jina nimelibandika karatasi. Ya kwanza ni ya Januari 2022. Mshahara wake na marupurupu ni shilingi 20,000. Mkataba ulimpa asilimia 5 mwaka wa kwanza na asilimia 5 mwaka wa pili, na leo yuko 22,050. Sasa tutazame soko. Takwimu za serikali zinasema bei zilipanda kwa wastani wa asilimia 7.7 mwaka 2022, na asilimia 7.7 tena mwaka 2023. Kapu lililokuwa la shilingi 20,000 likawa la 23,200. Mama huyu ana 22,050. Amepungukiwa 1,150 kila mwezi, na hajakosa kazini hata siku moja. Asilimia 5 mliyotuandikia itamfikisha 23,152. Yaani baada ya nyongeza yenu bado hajafika alipokuwa Januari 2022, amebakisha shilingi 48. Tunaomba kwanza arudishwe 23,200, kisha juu yake iwekwe asilimia 3. Hiyo asilimia 3 ndiyo nyongeza. Kilichotangulia ni deni."

Akakaa. Mimi nilitaraji aendelee, maana tumezoea hotuba za kupiga meza.

Tazama alivyohesabu, kwa sababu hapo ndipo wengi hukosea. Kosa la kwanza ni kutoa asilimia kwa asilimia, mwaka mmoja mmoja. Bei za mwaka wa pili hupanda juu ya bei ambazo zilishapanda mwaka wa kwanza, kwa hiyo huzidishwa: 1.077 mara 1.077 ni 1.16. Mshahara nao huzidishwa hivyo hivyo, 1.05 mara 1.05, ambayo ni 1.1025. Kisha ugawanye mshahara kwa bei. Ukigawanya 1.1025 kwa 1.16 unapata 0.95, maana yake ni kwamba mtu huyo amepoteza karibu shilingi moja katika kila ishirini za uwezo wake wa kununua.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, na ndilo wakubwa walilolitegemea. Mfumuko wa bei ukishuka, bei hazishuki, zinapanda polepole tu. Aliyepanda ngazi kumi na sasa anapanda moja moja hajarudi chini. Ukianza kuhesabu kuanzia mwezi wa leo, lile pengo la miaka miwili limesamehewa kimyakimya. Ndiyo sababu katika mazungumzo ya mshahara mwezi wa kuanzia hesabu una uzito kuliko asilimia yenyewe, na mwakilishi anayekubali kuanza na "hali ya sasa" ameshapoteza kabla ya chai kuletwa.

Hati ya pili ilikuwa ya Mei 2024, na humo mlikuwa na jambo ambalo hotuba ililiacha kwa makusudi. Mwanzoni mwa 2022 mama huyu alikatwa shilingi 200 za NSSF na 750 za bima ya afya, akapeleka nyumbani 19,050. Kufikia Mei 2024 NSSF ilikuwa asilimia 6 ya mshahara, yaani 1,323, na ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 ulikuwa umeingia, yaani 331. Bima ilibaki 750. Mkononi alibakiwa na 19,646. Zaidi ya miaka miwili, na kilichoongezeka mkononi ni shilingi 596! Mjumbe mmoja wetu alitaka jambo hili liwe ndilo hoja kuu. Mwakilishi alikataa, na nadhani alikuwa sahihi: makato yaliwekwa na sheria wala si na hoteli, tena fedha za NSSF ni akiba ya mfanyakazi mwenyewe, na mwajiri naye huchangia kiasi hicho hicho. Ukiyachanganya na bei, mhasibu hodari atakukamata hapo na kuyumbisha hoja nzima.

Hesabu hii ina mpaka wake. Faharasa ya bei ya KNBS, shirika la taifa la takwimu, hupima kapu la Mkenya wa wastani, ambamo chakula ni karibu theluthi moja. Kwa anayeishi chumba cha kupanga Maweni au Kisumu Ndogo, na watoto watatu, chakula hula zaidi ya hapo. Unga, mafuta ya kupikia na nauli ya tuktuk vikipanda kuliko vingine, takwimu rasmi huonyesha maumivu yake pungufu. Hata hivyo ni busara kubaki na takwimu rasmi mezani, kwa kuwa upande wa pili hauwezi kuzikana. Orodha ya bei za dukani tuliyoiandika wenyewe tuliiweka kando, iwe ya kuonyesha tu.

Meneja alijibu kwamba hoteli haina wageni, na dirishani kweli hapakuwa na mtu ila askari na kunguru. Hoja ya uwezo wa kulipa ni halali, lakini ina masharti. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri akipe chama taarifa zinazohitajika kwa majadiliano, basi tukaomba vitabu vya mwaka mzima, pamoja na Desemba na Januari, si vya miezi ya kusi pekee.

Bi mhasibu alikuwa kimya muda wote, akibonyeza kikokotoo. Mwisho akainua kichwa akauliza: "Hiyo 23,200 mmeanzia Desemba 2021 au Januari 2022?" Wenzangu walinuna. Mwakilishi wetu akavuta kiti karibu na meza, akamgeuzia karatasi.