Oti na kalendula kwa upele wa mtoto: fungua mikunjo kwanza

Dhana: Upele wa nepi ni ule ule, oti au ua la kalendula litauondoa.

Mlaze mtoto juu ya leso, ufungue mikunjo ya mapaja. Upele wa mkojo na kinyesi hukaa pale nepi inapogusa ngozi, kwenye makalio na chini ya kitovu. Ndani ya mikunjo mara nyingi pamesalimika. Upele wa fangasi huingia mikunjoni kabisa, una kingo zinazoonekana, na pembeni yake hutawanyika vipele vidogo kama vilivyonyunyizwa. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu tu. Huenda ukaona weusi uliokoza au rangi ya zambarau. Joto na jasho la Malindi humfaa sana fangasi huyu, na oti haimtoi. Dawa yake ni krimu ya fangasi, kama klotrimazoli, utakayoelekezwa zahanati.

Dhana: Oti ya uji ndiyo oti ya kuogea.

Ndiyo, lakini baada ya kusagwa. Chukua oti tupu, isiyo na sukari wala maziwa, uisage kwa blenda mpaka iwe laini kama unga wa ngano, kisha uichekeche. Koroga kijiko kimoja cha mezani katika gilasi ya maji vuguvugu. Maji yakiwa meupe na kubaki hivyo, unga uko tayari. Ukituama chini upesi, saga tena. Thuluthi ya kikombe yatosha beseni la mtoto, kwa dakika 10. Mshike vizuri, maana maji hayo huteleza mno.

Siku moja kabla, jaribu kidogo kwenye mkono wake, kwa kuwa wapo watoto wenye ukurutu wanaodhurika na oti.

Akitoka, mkaushe kwa kumgusagusa, bila kusugua. Penye ukurutu paka vaselini ngozi ikiwa bado na unyevu. Chini ya nepi fanya kinyume: acha pakauke kabisa, ndipo upake krimu nene ya zinki. Usinyunyize unga mkavu hapo: hugandamana mikunjoni, na vumbi lake likivutwa huumiza mapafu.

Dhana: Ua lolote la manjano uani ni kalendula.

Maua mengi ya bustanini yanayofanana nayo ni mmea mwingine. Hata kalendula halisi, ushahidi wake ni mdogo kuliko wa oti. Ukitengeneza mafuta, petali zikauke mpaka zivunjike kwa vidole. Kwa unyevu wa Lamu kivulini hazikauki upesi, na maji yakibaki chupa huota ukungu. Ikiota, mwaga yote. Usipake penye ngozi iliyochubuka.

Dhana: Ukiwa upele tu, daktari asubiri.

Siku 3 bila nafuu ni kikomo. Usaha, maganda ya manjano au homa, nenda siku hiyo hiyo. La haraka kuliko yote: mtoto mwenye ukurutu akitokewa ghafla na malengelenge yaliyosongamana, au vidonda vidogo vya duara vyenye kuuma, hasa akiwa na homa. Huenda ni virusi vya malengelenge, navyo husambaa kwa saa chache. Hapo usiogeshe oti kwanza. Chukua mtoto mwende hospitali.